Kutafsiri barua na mesaji za wanandoa kwa dosye ya viza ya Kanada: maelezo kwa wakaaji wa Bukavu

Katika ofisi yetu ya tafsiri hapa Bukavu, wateja wengi wanaoletwa na dosye ya kumfuata mume au mke nchini Kanada hufika na cheti cha ndoa kilichokwisha kutafsiriwa vizuri, kisha wanatoa simu mfukoni na kuuliza tufanye nini na mesaji za miaka minne. Makala haya yanahusu mesaji hizo pamoja na barua za mkono, kwa sababu ndipo dosye nyingi zinapopoteza nguvu.

Sheria ya uhamiaji ya Kanada inamruhusu afisa kukataa ombi akiona kwamba ndoa si ya kweli, au kwamba ilifungwa hasa ili mtu apate hadhi ya kuishi kule. Cheti cha ndoa kinaonyesha kwamba ndoa ilifungwa, lakini hakionyeshi kwamba watu wawili wanaishi kama mume na mke wakiwa mbali. Ndiyo maana orodha ya nyaraka za ombi la mwenzi inaomba, pamoja na picha zisizozidi 20, uthibitisho wa mawasiliano kama barua, mesaji za simu na mazungumzo ya mtandaoni, usiozidi kurasa 10. Orodha hiyo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo isomwe ile ya siku dosye inapotumwa.

Kurasa 10 ni chache sana kwa miaka minne. Watu wengi huzijaza maneno matamu: mashairi yaliyonakiliwa, mioyo myekundu, na salamu ya usiku mwema inayorudiwa kila siku. Kwa maoni yangu kurasa za namna hiyo ni dhaifu, kwa kuwa yeyote anaweza kuziandika kwa juma moja. Kurasa zenye uzito ni zile zinazoonyesha mambo ambayo hakuna anayeyabuni ili kumfurahisha afisa, kama mazungumzo ya mahari kati ya familia mbili, ugomvi juu ya pesa ya kodi na jinsi ulivyoisha, ugonjwa wa mzazi, au tarehe ya safari iliyoahirishwa. Chagueni kurasa chache kutoka kila mwaka wa uhusiano, zikianza karibu na siku mliyofahamiana, na zilingane na tarehe mlizoandika kwenye fomu IMM 5532, ambayo ndiyo inayouliza mlikutana lini, wapi na kwa njia gani. Ukiandika kwenye fomu kwamba mlianza kuongea mwezi wa Machi, na ukurasa wa kwanza wa mesaji ni wa Novemba bila maelezo, umempa afisa swali ambalo hukulazimika kumpa.

Kuhusu lugha, Kanada inapokea nyaraka za Kifaransa na za Kiingereza, na kila kilicho katika lugha nyingine lazima kitafsiriwe. Jambo hilo linatupunguzia kazi sisi wa Kivu, kwa sababu mesaji iliyoandikwa yote kwa Kifaransa inaingia dosye kama ilivyo. Lakini mazungumzo ya Bukavu ni nadra kuwa ya lugha moja. Mtu anaanza kwa Kifaransa, anageukia Kiswahili katikati ya sentensi, na akikasirika au akimtaja bibi yake anamaliza kwa Mashi. Ukurasa kama huo hutafsiriwa wote, na mtafsiri huweka alama inayoonyesha maneno gani yalikuwa ya Kifaransa tangu mwanzo. Kama mtafsiri hajui Mashi, sehemu hiyo apewe anayeijua, naye aiapie mwenyewe, maana kiapo kinahusu lugha zilizotajwa ndani yake tu.

Nani anaruhusiwa kutafsiri? Kanuni inakataza waziwazi mwombaji mwenyewe, mwenzi wake, wazazi, watoto, babu na bibi, kaka na dada, wajomba na shangazi, wapwa, na binamu wa kwanza. Hapa kwetu, ambapo kila familia ina mwalimu wa Kifaransa, katazo hili huwaumiza watu, lakini binamu akiwa profesa bado ni binamu. Mtafsiri asiyekuwa mwanachama aliyeidhinishwa wa chama cha watafsiri cha Kanada, na ndivyo tulivyo karibu wote huku, anapaswa kuapa mbele ya notere au mtu mwingine mwenye mamlaka ya kupokea viapo katika nchi yake kwamba tafsiri inalingana na asili. Tafsiri, kiapo na nakala ya asili huwekwa pamoja, kurasa zikiwa na namba zinazofuatana, ili afisa aweze kuweka kidole kwenye mesaji ya asili na kingine kwenye tafsiri yake bila kutafuta.

Tuchukue mfano mmoja tuupitie polepole. Mke anaishi Kadutu, mume yuko Sherbrooke, katika jimbo la Kebeki. Usiku mmoja wa Januari 2025 mke anaandika: “Papa, mama iko na homa tangu jana, nimemupeleka ku hopitali, wanaomba 25$ mbele ya kumuona.” Mume anajibu: “Pole mama. Natuma sasa hivi. Ntakupigia saa tatu.” Ni mistari miwili ya kawaida, na ina mambo matatu ambayo mtafsiri mwenye haraka angeyaharibu.

La kwanza ni watu. Mke anamwita mumewe “papa”, mume anamwita mkewe “mama”, na “mama” wa mstari wa kwanza ni mgonjwa ambaye, tulipouliza, alikuwa mama mzazi wa mume. Tafsiri isiyo na maelezo inamwacha afisa akidhani binti anamwandikia baba yake kuhusu mama yao. Dawa yake si kubadilisha “papa” kuwa “mpenzi”, kwa kuwa mtafsiri akifanya hivyo ameandika barua yake mwenyewe. Neno linabaki, na chini ya ukurasa mtafsiri anaweka maelezo mafupi yenye alama kwamba ni yake: wanandoa wa huku huitana hivi, na mgonjwa anayetajwa ni mama mkwe wa mwandishi, kwa mujibu wa maelezo ya mteja. Maelezo hayo yakishaeleweka, mistari hii inakuwa ushahidi mzuri kuliko shairi lolote, kwa sababu inaonyesha mke akimhudumia mama wa mumewe. Tahadhari hiyohiyo inafaa kwa barua za zamani ambamo wachumba walikuwa wakiitana “kaka” na “dada”.

La pili ni saa. Wengine mjini huhesabu saa kwa Kiswahili, wengine kwa Kifaransa, na “saa tatu” inaweza kuwa 21:00 au 15:00. Katika mfano huu mesaji ya mume inasomeka 20:14 kwenye simu ya Bukavu, na orodha ya simu zilizopigwa inaonyesha simu ya video saa 21:03, kwa hiyo alihesabu kwa Kiswahili, tena kwa saa za Bukavu. Mtafsiri akiandika 15:00, mume anaonekana hakutimiza ahadi na kumbukumbu za simu zinaonekana kupingana na mesaji. Ukurasa wa kumbukumbu za simu na ujumbe wa kuthibitisha pesa iliyopokelewa kwa Airtel Money au M-Pesa usiku huohuo ukiwekwa nyuma ya mesaji hii, vitu vitatu vinashuhudiana.

La tatu ni simu ipi imetumika. Simu huonyesha saa za mahali ilipo. Kebeki iko nyuma ya Bukavu kwa saa 7 wakati wa baridi na saa 6 wakati wa joto, hivyo mesaji ileile iliyosomeka 20:14 kwa mke inasomeka 13:14 kwa mume. Dosye yenye kurasa zilizochanganywa kutoka simu mbili, bila maelezo, inaonekana kama ya kutungwa. Tumieni simu moja toka mwanzo hadi mwisho, na mtafsiri aandike juu ya ukurasa wa kwanza kwamba saa ni za Bukavu au za Sherbrooke.

Mara nyingi simu inayofaa ni ya yule aliye ng'ambo. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, watu wengi walikimbia, na simu zikapotea au zikaibwa. Mke wa mfano wetu alipoteza yake na kurudi mtandaoni mwezi wa Machi akiwa na namba mpya. Kwake mazungumzo yote ya nyuma yalikuwa yamefutika, lakini kwenye simu ya mume yalikuwa bado kamili, pamoja na pengo lenyewe. Pengo hilo lisijazwe. Lielezwe katika barua fupi yenye tarehe, namba ya zamani na namba mpya, na ionyeshwe mesaji ya kwanza baada ya kurudi. Anayetunga mesaji ili kuziba nafasi anajiingiza katika kosa la kutoa habari za uongo, ambalo kwa kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji ya Kanada linaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 5, wakati pengo lililoelezwa kwa kweli halimfungii mtu yeyote.

Kutoa mazungumzo kwenye WhatsApp kwa njia ya “Exporter discussion” kunaleta faili la maandishi ambalo yeyote anaweza kulibadilisha, na jina linaloonekana ni lile ulilolihifadhi wewe. Kama mume amehifadhiwa kwa jina la “Roho Yangu”, hakuna kinachoonyesha Roho Yangu ni nani. Kwa hiyo tunapendelea picha za skrini nzima, zenye tarehe, zikitanguliwa na picha ya ukurasa wa mawasiliano unaoonyesha namba ileile iliyoandikwa kwenye fomu. Msikate mstari mmoja katikati ya skrini kwa sababu ya aibu. Kama skrini ina maneno ya faragha msiyotaka kuyaonyesha, chagueni skrini nyingine. Na msimwombe mtafsiri aondoe tusi au ugomvi, kwani hawezi kuapa kwamba tafsiri ni kamili huku akijua ameruka sentensi.

Ujumbe wa sauti una kazi mbili: kwanza kuandikwa kwa lugha yake neno kwa neno, halafu kutafsiriwa. Maandishi hayo yataje tarehe, saa, urefu wa sauti na nani anayesema, na pale sauti isiposikika mtafsiri aandike kwamba haisikiki badala ya kubahatisha. Kwa gharama yake, tunashauri kuchagua mmoja au miwili tu.

Uamuzi ukiwa wa kukataa, raia au mkaaji wa kudumu aliyemdhamini mwenzi wake, na si mwombaji, ndiye mwenye haki ya kukata rufaa mbele ya kitengo cha rufaa za uhamiaji cha Kanada, ndani ya siku 30 tangu apokee sababu za kukataliwa. Huko mesaji zaidi na tafsiri zaidi zinaweza kuletwa, kwa hiyo simu yenye mazungumzo ya asili isiuzwe wala kusafishwa hadi viza itoke, na kipengele cha mesaji zinazojifuta chenyewe kizimwe leo kwenye simu zote mbili.