Tolerance siyo nguvu ya kufuta

"Nachagua anga kwa Magic Wand ya Photoshop ili nilifute, ila halifutiki lote, si niongeze tu Tolerance mpaka liishe?"

Hapana, hapo ndo watu wengi wanaharibu picha. Ile namba inapima rangi inaruhusiwa kupishana kiasi gani na ile doti uliyoklik, kuanzia 0 mpaka 255, basi.

Chukua anga hili: juu ni buluu iliyokolea, nyekundu 90, kijani 140, buluu 200, ila chini kabisa limepauka, nyekundu imefika 190. Ukiklik juu na Tolerance 32 unapata nyekundu ya 58 hadi 122 tu, huku chini panabaki. Sasa ukipandisha hadi 100 anga linaisha kweli, lakini na shati la kijivu la 150, 150, 150 linaondoka nalo, maana kote limepishana chini ya 100, na Contiguous, ile inayochukua vilivyogusana tu, haikuokoi kama shati limegusana na anga.

Rudisha 32, shika Shift, klik juu, katikati, halafu chini. Kila klik inaongeza kipande chake na shati linabaki, kwa sababu buluu yake haifiki hata 168, yaani 200 kutoa 32. Ukuta wenye kivuli pembeni ni vilevile, klik na kwenye kivuli.