Ng'ombe kafa ghafla? Usianze kuuliza kuhusu sufuria, uliza kisu kiko wapi

Simu inayonipa presha kuliko zote ni ile ya alfajiri, mtu anaongea huku anahema, "Daktari, dume limeanguka linatetemeka, tuliwahi na kisu au tusubiri kwanza?" Mi ni daktari wa mifugo na nawaelewa kabisa, hakuna anayependa kuona mnyama mzima anageuka kibudu mbele ya macho yake wakati angeweza kuokoa nyama. Ila jibu langu ni lile lile kila siku: usimguse na kisu. Na nikishasema hivyo najua swali linalofuata, "sasa si tutachemsha sana?" Leo nataka nilijibu hilo swali taratibu, maana kwenye simu huwa sipati nafasi.

Ugonjwa ninaouwazia kwanza hapo ni kimeta, wengine wanauita antraksi. Mnyama aliyekufa ghafla anaweza kuwa amekufa kwa mengi, radi, kuvimbiwa, nyoka, majani yenye sumu, chambavu, sio lazima iwe kimeta. Lakini mpaka ijulikane, mi namchukulia kama kimeta, kwa sababu ukikosea upande huu umepoteza nyama tu, ukikosea upande ule unaweza kupoteza mtu.

Nianze na kisa kimoja kilichonipitia mkononi. Dume la ng'ombe jioni limekula vizuri, halina kikohozi wala kuhara. Alfajiri likakutwa limesimama peke yake, linatetemeka, linahema kwa shida, na jua lilipotoka tu likaanguka. Wenye mnyama wakaliwahi, wakachinja likiwa bado linarusha miguu. Damu ilitoka nyeusi, nzito kama lami, na mchinjaji mwenyewe alikuja kuniambia baadaye kwamba aliona ajabu haigandi, ilikaa chini saa nzima bado ni maji maji. Walipopasua tumbo wakakuta bandama imevimba mara kadhaa ya ukubwa wake, nyeusi, na ilipoguswa ikapasuka ndani ikawa kama tope. Wakaitupa kando, wakaendelea kukatakata, nyama ikagawanywa, ngozi ikaondoka na mtu, na mi hakuna aliyeniambia kitu mpaka siku ya tano ng'ombe wa pili alipokutwa amekufa malishoni damu ikimtoka puani na njia ya haja kubwa.

Hizo dalili ndo zenyewe. Kifo cha ghafla, damu isiyoganda kwenye matundu ya mwili, mzoga unaovimba haraka na mara nyingi haukakamai vizuri kama mizoga mingine. Ila tafadhali usije ukasema "huyu hana damu puani kwa hiyo yuko salama", wapo wanaokufa kwa kimeta bila tone la damu kuonekana nje. Na usipasue ili ukaangalie bandama! Hata sisi hatupasui. Nachukua damu kidogo tu kwenye mshipa wa sikio kwa sindano, napaka kwenye kioo, inatiwa rangi ya bluu maalum na kuangaliwa kwa hadubini. Bakteria wa kimeta wanaonekana kama vijiti vyenye ncha za mraba vimefuatana mnyororo, vimezungukwa na utando wenye wekundu wa waridi. Kwa mzoga mbichi tone moja la damu linatosha, maana saa za mwisho za mnyama bakteria wanakuwa wamejaa kwenye damu kwa mamilioni.

Sasa hapo ndo kwenye kiini cha haya mambo, na ndo maana nalalamika kuhusu kisu kabla ya sufuria. Ndani ya mzoga uliofungwa hakuna hewa, na mzoga ukianza kuoza wale bakteria wa kimeta wanashindwa, siku chache tu wengi wao wanakuwa wamekufa wenyewe. Ila ukichana, damu ikamwagika ikakutana na hewa, bakteria wanajifunga kwenye ganda gumu, wanakuwa kama mbegu, kitaalamu tunaita spora. Ikishakuwa spora hiyo ni habari nyingine kabisa, joto la jua haliiui, ukame hauiui, kuigandisha hakuiui, inakaa kwenye udongo miaka na miaka ikisubiri mnyama mwingine aje kung'oa nyasi na vumbi lake. Kuna kisiwa kinaitwa Gruinard huko Skotlandi kilifanyiwa majaribio ya silaha za kimeta mwaka 1942, kilifungwa mpaka 1990 na hapo ni baada ya udongo wake kumwagiwa dawa. Kwa hiyo anayechinja ng'ombe wa kimeta nyuma ya boma lake amepanda kitu pale ambacho wajukuu watakuja kukivuna.

Haya, sufuria. Bakteria wenyewe, wale ambao hawajawa spora, wanakufa kwa moto wa kawaida wa kupikia, hilo ni kweli na sikatai. Spora ndo shida, maji yakichemka kawaida sio ya kuyategemea, hospitali wanaua spora kwa mvuke wenye shinikizo unaofika nyuzi 121, na sufuria ya kawaida ya nyumbani haifikishi katikati ya pande la nyama hapo. Kukausha, kutia chumvi, kuning'iniza kwenye moshi, kuweka kwenye friji, vyote hivyo haviui spora, na hiyo nyama inayokaa siku kadhaa imeshapigwa na hewa masaa mengi.

Ndo maana utamsikia mtu anasema "mbona sisi tulikula na hatukufa". Namwamini. Aliyekula nyama ya siku ile ile, iliyochemka mpaka ikalainika, mara nyingi anapona kwa bahati. Lakini bahati yake haimhusu aliyeonja kipande hakijaiva, wala aliyeshika nyama mbichi na mikono ile ile akashika chakula kingine, na hasa haimhusu aliyechuna. Maana kimeta cha binadamu kwa sehemu kubwa sana kinaingilia kwenye ngozi, sio mdomoni, mkwaruzo mdogo tu kwenye kidole unatosha. Yaani wakati familia inajadili muda wa kuchemsha, aliyeshika kisu alishamaliza kuambukizwa.

Turudi kwa mchinjaji wetu. Siku ya nne alitoka kipele kwenye mkono, juu kidogo ya kifundo, kinawasha kama ameng'atwa na mdudu. Kesho yake kikawa lengelenge, vikaja na vingine vidogo kuzunguka, halafu katikati ikaanza kudidimia na kuwa nyeusi kabisa kama kaa la moto lililozimika. Mkono ukavimba mpaka karibu na kiwiko. Cha ajabu hakusikia maumivu, na hiyo ndo inayowachelewesha watu, jipu linauma, kidonda cha kimeta hakiumi. Alishaanza kukikamua na sindano ya nguo, nikamwambia acha hapo hapo, usikamue, usikate lile ganda jeusi, funika, nenda hospitali na ukifika sema neno hili la kwanza kabisa: "nilichuna ng'ombe aliyekuwa mgonjwa". Ukisema tu una kidonda, daktari wa watu anaweza kukupa dawa ya jipu ukaondoka.

Dawa zipo na zinafanya kazi, antibayotiki kama penisilini, siprofloksasini au doksisaiklini, daktari ndo anachagua. Kimeta cha ngozi kikitibiwa mapema ni nadra sana kuua, kikiachwa kinaua kama mmoja hadi wawili kwa kila 10. Ila jua kwamba lile ganda jeusi litaendelea na safari yake hata dawa ikishaanza, litakaa wiki kadhaa ndo lidondoke, haimaanishi dawa imegoma. Jamaa yetu alifadhaika sana hapo, alitaka abadilishiwe dawa kila siku.

Cha tumboni ndo kibaya, na ndo hicho cha kula. Kinaanza siku 1 hadi 7 baada ya kula, homa, kichefuchefu, kutapika, tumbo linauma kwelikweli, baadaye anaweza kutapika au kuhara damu. Wengine kinawakamata kooni, koo linauma na shingo inavimba mpaka kumeza ni shida. Kwa mwanzo kinafanana na sumu ya chakula ya kawaida, kwa hiyo watu wanakunywa chumvi na maji wanasubiri, na kusubiri huko ndo kunakoua. Kama umekula na bado mzima, usisubiri uumwe, nenda ukaeleze, wanaweza kukuanzishia dawa ya kuzuia.

Na mzoga je? Usiuburute, kila unapopita unamwaga. Uache pale pale, zuia mbwa na ndege, hata kwa turubai na miiba, zuia watu, piga simu kwa mtaalamu wa mifugo aliye karibu. Utachomwa mpaka uwe majivu au utafukiwa shimo la kina cha kama mita 2, mbali na maji, pamoja na udongo wa juu uliolowa damu. Chokaa watu wanapenda kuimwaga humo, kwa kimeta tunashauri isitumike, kalisi yake inaweza kuzisaidia spora zidumu. Ng'ombe wazima wanaobaki wanachanjwa, na hapo tahadhari moja: chanjo ya kimeta ni vimelea hai waliopunguzwa makali, ukimchoma mnyama penisilini siku hizo hizo umeiua chanjo yako mwenyewe.

Kwenye kile kisa mi nilianza na orodha ya watu watano, wale walioshika visu. Nikaanza kuuliza polepole, nani alibeba miguu, nani aliosha matumbo, nani alifagia damu, orodha ikafika 14 na bado sijaingia kwa waliokula. Wote wakapelekwa hospitali, wawili wengine wakakutwa na vipele. Kilichobaki ni ngozi, kila mtu anasema hajui ilikoenda. Tuliipata siku ya tatu ya kutafuta, imetandikwa chini ya godoro la mzee mmoja mgonjwa wa mgongo, mwanae alimwekea apate joto. Mzee alipotuona na glovu na mifuko akauliza tumemletea nini.