Kutoa VAT kwenye bei: jinsi ya kupata bei ya kabla ya ushuru

Umenunua rangi na brashi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na jumla ya risiti ni shilingi 5,800. Bei imeshajumuisha ushuru wa ongezeko la thamani, yaani VAT, ambao nchini Kenya ni asilimia 16. Unataka kujua muuzaji anabaki na kiasi gani na KRA inapata kiasi gani. Watu wengi huchukua kikokotoo, hutafuta asilimia 16 ya 5,800, hupata 928, kisha huiondoa na kubaki na 4,872. Jibu hilo si sahihi, na njia rahisi ya kulipima ni kurudi ulikotoka: iongezee 4,872 asilimia 16 yake uone kama utafika 5,800. Utaishia 5,651.52. Zinapungua shilingi 148.48.

Kosa liko kwenye swali la “asilimia 16 ya nini?” Muuzaji alipopanga bei alianza na kiasi chake mwenyewe, akakitafutia asilimia 16 na kuiongeza juu. Asilimia hiyo ilipimwa kwa bei ndogo ya mwanzo. Ukiipima upya kwa 5,800, unaipima kwa kiasi ambacho ndani yake tayari kuna ushuru, kwa hiyo unautoza ushuru wenyewe ushuru mwingine. Ndiyo maana kosa hili huwa na ukubwa uleule kila mara: ushuru unaoupata unazidi ule wa kweli kwa asilimia 16 ya huo wa kweli. Kwa risiti yetu ushuru sahihi ni 800, asilimia 16 ya 800 ni 128, na 800 ukijumlisha na 128 unapata 928 ileile tuliyoipata kimakosa.

Hesabu sahihi inaanzia kwenye bei ya mwanzo hata kama huijui. Ichukulie kuwa ni 100. Ukiongeza 16 inakuwa 116. Basi kila shilingi 116 anazotoa mteja zina shilingi 100 za muuzaji na 16 za serikali, na uhusiano huo haubadiliki bei iwe kubwa au ndogo. Kwa hiyo gawanya jumla kwa 1.16. Shilingi 5,800 ukigawanya kwa 1.16 unapata 5,000, ambayo ndiyo bei ya kabla ya ushuru. Ushuru ni kilichobaki: 5,800 ukitoa 5,000, yaani 800. Hakiki kwa kuzidisha 5,000 kwa 1.16, unarudi palepale 5,800.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji desimali, na inamfaa sana mtu aliye sokoni na kalamu tu. Sehemu ya 16 juu ya 116 ukiirahisisha inakuwa 4 juu ya 29. Maana yake ni kwamba bei yoyote yenye VAT ya asilimia 16 inaweza kukatwa vipande 29 vilivyo sawa, 25 vikawa vya muuzaji na 4 vya KRA. Gawanya 5,800 kwa 29, kila kipande ni shilingi 200. Vipande 25 ni 5,000, vipande 4 ni 800. Hapa pia unaona kwa nini ushuru ndani ya bei ya mwisho hauwezi kuwa asilimia 16 ya bei hiyo: 4 kwa 29 ni takriban asilimia 13.8.

Kwa anayeweka hesabu kwenye jedwali la kompyuta, jumla ya risiti ikiwa kwenye A2, fomula mbili zinatosha, ya kwanza ikiandikwa B2 na ya pili C2:

```
=ROUND(A2/1.16,2)
=A2-B2
```

Ushuru upatikane kwa kutoa, usiuhesabu kwa fomula yake ya pekee. Ukiuhesabu kama asilimia 16 ya B2 iliyokwisha kukadiriwa, mara nyingine senti zitakataa kukutana na jumla ya risiti, na senti moja inatosha kukusumbua jioni nzima unapolinganisha vitabu. Kwa sababu hiyohiyo usikate desimali mapema. Kalamu inayouzwa shilingi 35 ina bei ya kabla ya ushuru ya 30.1724. Ukiikata iwe 30.17 kisha uzidishe kwa kalamu 100, unapata 3,017. Ukigawanya 3,500 nzima kwa 1.16 unapata 3,017.24. Gawanya jumla kwanza, kadiria mwishoni.

Gharama ya kukosea inamwangukia zaidi mfanyabiashara. Tuseme mwenye duka aliyesajiliwa kwa VAT alinunua ile rangi kwa 4,640 na kuiuza 5,800. Akitoa moja kwa moja anaona faida ya 1,160. Lakini katika 4,640 kulikuwa na VAT ya 640 ambayo ana haki ya kuidai, na katika 5,800 kuna 800 ambayo si yake. Bidhaa ilimgharimu 4,000, aliiuza 5,000, na faida yake ni 1,000. Hali huwa mbaya zaidi akichanganya: akichukua gharama bila ushuru, 4,000, na mauzo yakiwa na ushuru, 5,800, atadhani amepata 1,800. Akishusha bei kwa kuamini ana nafasi ya kupunguza 1,500, atakuwa anauza kwa 4,300, ambayo bila VAT ni shilingi 3,706.90. Hapo anauza chini ya alivyonunua na daftari bado linamwonyesha anapata. Kanuni ni kulinganisha bei za aina moja, na kwa aliyesajiliwa ni bora zote ziwe bila ushuru.

Kabla ya kugawanya chochote, hata hivyo, soma risiti bidhaa kwa bidhaa. Si kila kitu kinachouzwa kina VAT ya asilimia 16. Mkate wa kawaida na unga wa mahindi, kwa mfano, hutozwa asilimia sifuri. Chukua risiti ya dukani yenye mafuta ya kupikia 640, sabuni 290, unga wa mahindi 170 na mkate 65, jumla 1,165. Ukigawanya 1,165 yote kwa 1.16 utapata VAT ya 160.69. Lakini vinavyotozwa ni mafuta na sabuni tu, jumla 930, na bei yake bila ushuru ni 801.72. VAT ni 128.28. Ile tofauti ya 32.41 ni ushuru uliouhesabu kwenye unga na mkate ambao haukutozwa hata senti. Risiti nyingi za maduka makubwa huweka alama au herufi kando ya kila bidhaa, na chini yake kuna jedwali dogo linaloonyesha kila kiwango na ushuru wake. Hesabu yako ikitofautiana na jedwali hilo, anza kwa kutafuta bidhaa uliyoiweka kwenye kundi lisilo lake.

Ugumu unaongezeka bei ikiwa na tozo mbili, kwani lazima ujue kama zote zimepimwa kwa bei ya mwanzo au ya pili imepimwa juu ya ya kwanza. Mifano miwili ya Kenya inaonyesha tofauti hiyo vizuri.

Kwenye bili nyingi za hoteli na mikahawa utakuta VAT ya asilimia 16 pamoja na tozo ya utalii ya asilimia 2, na zote mbili zimehesabiwa juu ya bei ileile ya chakula. Katika hali hiyo asilimia zinajumlishwa: 100 inakuwa 118, na unagawanya kwa 1.18. Bili ya 3,540 inatoa 3,000 ya chakula, 480 ya VAT na 60 ya tozo. Ukigawanya kwa 1.16 halafu kwa 1.02 utapata 2,991.89, kwa sababu utakuwa umeichukulia tozo moja kana kwamba ilikaa juu ya nyingine.

Muda wa maongezi wa simu ni kinyume. Kwanza hutozwa ushuru wa bidhaa, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 15, kisha VAT hupimwa juu ya jumla hiyo mpya. Hapa asilimia hazijumlishwi, na unarudi kwa kufuata njia ileile kinyumenyume, ukianza na kilichoongezwa mwisho. Salio la shilingi 1,000 ligawanye kwa 1.16: unapata 862.07, na VAT ni 137.93. Kisha 862.07 igawanye kwa 1.15: unapata 749.63, na ushuru wa bidhaa ni 112.44. Jumlisha vitatu hivyo na unarudi kwenye 1,000 kamili. Aliyejumlisha 15 na 16 akagawanya kwa 1.31 atapata 763.36, na atakuwa amesahau kwamba VAT ilitozwa hata kwenye ule ushuru wa bidhaa.

Tarehe ya risiti nayo ina uzito. Kuanzia Aprili hadi Desemba 2020 VAT nchini Kenya ilishushwa hadi asilimia 14, ikarudi 16 Januari 2021. Anayepitia vitabu vya mwaka huo akikuta ankara ya 5,700 ya Agosti anapaswa kuigawanya kwa 1.14, apate 5,000. Akitumia 1.16 kwa mazoea atapata 4,913.79, na hataona kosa lolote machoni. Kiwango kinafuata nchi vilevile: Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, hivyo risiti ya huko hugawanywa kwa 1.18, na vipande ni 59, yaani 50 vya muuzaji na 9 vya serikali.

Mwisho kuna bei isiyopaswa kugawanywa kabisa. Mfanyabiashara ambaye hajasajiliwa kwa VAT haruhusiwi kuitoza, na sheria ya Kenya humlazimu kujisajili mauzo yake yanayotozwa ushuru yanapofika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Fundi au mwenye kibanda aliye chini ya kiwango hicho, na ambaye hakujisajili kwa hiari, akikuuzia kitu kwa 5,800, zote 5,800 ni bei yake. Hakuna 800 iliyojificha ndani, na mnunuzi aliyesajiliwa hana VAT ya kudai hapo. Akikuandikia mstari wa VAT kwenye risiti na una shaka, ingiza PIN yake kwenye sehemu ya kuhakiki PIN katika tovuti ya iTax, uangalie kama VAT imo kati ya wajibu wake wa ushuru.