Sindano ya miezi mitatu: umechelewa? Njoo hivyo hivyo

Malalamiko yanayotufikia kuhusu sindano ya uzazi wa mpango yanazidi kuongezeka, na mengi yana sura moja. Mama amepitisha tarehe ya kurudi, amefika kituoni, na amerudishwa nyumbani bila kuchomwa. Wengine wameambiwa warudi wakiwa kwenye siku zao. Mimi ni muuguzi mkunga, na kazi yangu ni kuratibu huduma za afya ya uzazi na mtoto katika halmashauri. Maelezo haya nayaandika kwa akina mama na wenzi wao, ila mtoa huduma atakayeyasoma naye hatapungukiwa kitu.

Ninayoizungumzia ni ile mnayoiita Depo. Iko inayochomwa kwenye msuli wa bega au tako, miligramu 150, na iko inayochomwa chini ya ngozi, miligramu 104. Ratiba yao ni moja. Ipo pia sindano ya miezi miwili katika baadhi ya nchi, nayo ina hesabu zake. Kama umehamia kutoka huko, sema mapema ulichomwa ipi.

Nianze na mama mmoja muuza mboga, ambaye kadi yake ninaikumbuka vizuri. Alichomwa Jumatatu tarehe 6 Januari 2025. Depo hurudiwa kila baada ya wiki 13, kwa hiyo kadi iliandikwa arudi Jumatatu tarehe 7 Aprili. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume, na kliniki ya uzazi wa mpango haikufunguliwa. Aliyeandika tarehe ile hakutazama kalenda. Wiki iliyofuata mtoto akaugua, kisha ikaja Pasaka, wakasafiri kwenda kwa wakwe. Mama akafika kituoni Jumanne tarehe 29 Aprili, siku 22 baada ya tarehe yake. Akaambiwa: "Umechelewa sana, nenda, urudi ukiona hedhi."

Mama huyo alikuwa hajaona hedhi tangu sindano ya tatu. Akaenda kungoja kitu ambacho dawa yenyewe ilikuwa imekisimamisha. Alipokuja kuonekana tena, alikuja na ujauzito.

Sasa tuifanye hesabu yake kama ilivyopaswa kufanywa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu sindano ya kurudia itolewe hadi wiki 2 kabla ya tarehe na hadi wiki 4 baada yake. Kwa mama huyu, mlango ulikuwa wazi kuanzia tarehe 24 Machi hadi tarehe 5 Mei. Tarehe 29 Aprili iko ndani kabisa. Alipaswa kuchomwa siku ile ile, bila kipimo cha mimba, bila kuulizwa hedhi, na bila kuhitaji kondomu za kujikinga na mimba. Kadi yake ingeandikwa tarehe mpya kwa kuhesabu wiki 13 kutoka siku aliyochomwa, yaani Jumanne tarehe 29 Julai. Nasisitiza hilo la kuhesabu kutoka siku ya kuchomwa, maana nimeona kadi ambazo mhudumu ameendelea na tarehe ya zamani, mama akaja kuonekana amechelewa wakati hajachelewa.

Zamani nafasi hii ya kuchelewa ilikuwa wiki 2 tu. Iliongezwa kuwa wiki 4 mwaka 2008, baada ya kuonekana kwamba dawa haiishi mwilini kwa ghafla. Depo ni chembechembe ndogo zilizoelea kwenye maji, ndiyo maana kichupa hutikiswa vizuri kabla ya kuvutwa. Zikiingia kwenye msuli huyeyuka polepole, na yai huchelewa kuanza kupevuka tena hata baada ya wiki 13 kupita. Hii ndiyo sababu pia tunakukataza kupakanda ulipochomwa au kupawekea kitambaa cha moto: hatutaki dawa isambae kwa haraka ikaisha kabla ya siku zake.

Lakini jamani, wiki 4 hizo si ratiba mpya. Kuna mama aliyesikia habari hii akaniambia, "Basi sasa nitakuwa nakuja kila baada ya miezi minne." Hapana. Tarehe yako ni ya wiki 13. Hizo nyongeza ni za mvua, msiba, safari na foleni. Ukijua unasafiri, tumia zile wiki 2 za mwanzo: njoo mapema, sema unasafiri, uchomwe uondoke.

Je, angekuja tarehe 20 Mei, wiki 6 na siku moja baada ya tarehe yake? Hapo mlango umefungwa, lakini haujapigwa kufuli. Mhudumu anapaswa kuuliza maswali machache ili kuwa na uhakika wa kutosha kwamba hakuna mimba. Tangu zile wiki 4 zilipoisha, yaani tangu tarehe 5 Mei, umekutana na mwanaume? Kama ndiyo, mlitumia kondomu kila mara, au ulimeza vidonge vya dharura baada ya tendo? Unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, maziwa yako tu au karibu yote? Jibu moja likikuweka salama, unachomwa siku hiyo hiyo, kisha unatumia kondomu au unajizuia kwa siku 7 wakati dawa inashika. Hakuna jibu linalokuweka salama? Hapo ndipo kipimo cha mkojo kinapoingia. Kipimo kikifanyika mapema mno baada ya tendo kinaweza kusema hakuna mimba na ikawepo, kwa hiyo unaweza kupewa kondomu na tarehe ya kurudi kupimwa tena. Usiondoke mikono mitupu. Na tafadhali usidanganye kwenye maswali haya kwa kuona aibu. Hatuulizi ili kukuhukumu.

Kama ulichomwa na baadaye ikagundulika ulikuwa tayari mjamzito, usitoe mimba kwa hofu eti mtoto ataharibika. Ushahidi uliopo hauonyeshi kwamba Depo humdhuru mtoto aliye tumboni. Acha sindano, anza kliniki ya wajawazito.

Hilo la hedhi linahitaji nafasi yake, kwa sababu ndilo linalowatoa wengi kwenye njia hii. Miezi mitatu ya kwanza damu huja bila mpangilio: matone leo, kesho hakuna, wiki ijayo siku 10 mfululizo. Hii haimaanishi kwamba sindano imekukataa. Utando wa ndani ya mji wa mimba unabadilika, na kabla haujatulia huvuja ovyo. Wengi hutulia kadiri sindano zinavyoendelea, na ikifika mwaka, hedhi ya wengi huwa haba au hukoma kabisa.

Na ikikoma, ndipo maneno huanza. "Damu chafu inajikusanya tumboni." "Itapanda kichwani." Nimelijibu hili mara nyingi mno, nalijibu tena. Hakuna damu inayojikusanya mahali popote. Hedhi ni utando wa mji wa mimba ulionenepa ukajiandaa kupokea mimba, kisha ukabomoka. Depo huufanya utando ubaki mwembamba. Usiponenepa, hauna cha kubomoa. Ni sufuria ambayo haijapikiwa. Usiniulize ukoko umeenda wapi. Wala huhitaji dawa ya kienyeji ya "kusafisha", ambayo wengine wameinunua kwa pesa wakati sindano yenyewe katika vituo vya serikali hailipiwi.

Damu ikizidi, hilo ni jambo lingine. Ikiwa siku zimepita 8 mfululizo, au wingi wake ni mara mbili ya ulivyozoea, rudi kituoni hata kama tarehe yako bado. Tunaangalia kama kuna sababu nyingine, tunaangalia wekundu wa damu, na zipo dawa za kupunguza, kama vile ibuprofen kwa siku 5 ikiwa huna vidonda vya tumbo. Usijinunulie dukani kwa kusimuliwa na jirani. Na usisubiri ukitokwa damu ambayo haikuwepo kisha ikaanza ghafla pamoja na maumivu makali chini ya kitovu. Njoo siku hiyo hiyo.

Uzito huongezeka kwa wengi, kwa wastani kilo 1 hadi 2 kwa mwaka. Kuna wanaoongeza zaidi, na kuna wasioongeza kabisa. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, tumbo kujaa gesi na hamu ya tendo kupungua hutokea kwa baadhi. Yanavumilika kwa wengi. Yasipovumilika, badilisha njia, huhitaji kuomba radhi. Lakini kichwa kinachouma sana huku ukiona mwanga unaometameta au macho kupoteza nuru, au macho kuwa ya manjano, rudi kabla ya sindano nyingine. Kinga ya maambukizi, ikiwemo Virusi vya UKIMWI, haimo humu. Hiyo ni kazi ya kondomu.

Nimalizie na kuchelewa kwa aina nyingine, kuchelewa kupata mtoto. Depo haiharibu kizazi, ila inachelewesha. Kwa wastani mimba hupatikana miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, ambayo ni kama miezi 4 zaidi kuliko kwa aliyetumia njia nyingine. Tena huo ni wastani: yupo anayeshika mimba mapema zaidi, yupo anayezidi mwaka, na muda uliotumia sindano si kipimo. Mtu asiyejaliwa mtoto bado anaweza kuchomwa, lakini anapaswa kuambiwa hili kabla ya sindano ya kwanza, siyo akishaanza kuhangaika kwa waganga. Ukitaka mtoto karibuni, uliza kuhusu kitanzi au kijiti, ambavyo vikitolewa uzazi hurudi mapema.

Kuhusu kadi. Kabla hujainuka kwenye kiti, tazama mambo matatu: tarehe uliyochomwa, jina la sindano, na tarehe ya kurudi. Tarehe ya kurudi ikiangukia Jumapili au sikukuu, mwambie mhudumu hapo hapo aisogeze iwe mapema zaidi. Una wiki 2 za kuchezea upande huo. Kadi ikipotea, njoo bila kadi. Jina lako limo kwenye rejista ya kituo ulikochomwa, na mhudumu ana wajibu wa kulitafuta. Huhitaji barua ya mume, huhitaji kusindikizwa. Ukirudishwa ukiwa ndani ya zile wiki 4, usiende nyumbani kungoja hedhi. Muulize mganga mfawidhi wa kituo hicho, siku hiyo hiyo, ukiwa umeishika kadi mkononi.