Je, wajua kwa nini kupeana mikono hakumalizi ugomvi wa nyota wawili?

"Tuliwapatanisha mbele ya timu nzima, wakapeana mikono, tukapiga makofi. Mbona Jumamosi wamenyimana pasi tena?"

Kwa sababu kilichogombaniwa bado kipo palepale, hakina mwenyewe. Nilipokuwa nafundisha timu ya shule niliamini kabisa katika hiyo mikono. Nikiona tabasamu, nahesabu kazi imekwisha. Kumbe mchezaji aliyesimamishwa mbele ya wenzake hupatana ili aruhusiwe kwenda kukaa. Hata kuwaweka pamoja tu hakutoshi. Mwaka 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waligawa wavulana wa kambi moja huko Oklahoma, Marekani, katika makundi mawili yaliyoshindana hadi yakachukiana. Walipolishwa pamoja, walirushiana chakula. Walichotulia nacho ni kazi zilizowahitaji wote, kama kutafuta hitilafu ya maji ya kambi. Lakini yale yalikuwa makundi. Nyota wawili wa timu moja tayari wana lengo moja, ushindi, na bado wanagombana.

Wangu walikuwa winga na mshambuliaji wa kati, na ugomvi ulikuwa wa penalti. Niliongea na kila mmoja peke yake, dakika ishirini hivi, nikaacha kuuliza nani ana makosa. Niliuliza, "Ni siku gani iliuma zaidi?" Winga akasema ni siku niliyomwambia atapiga yeye, kisha mwenzake akamnyang'anya mpira. Mshambuliaji naye: "Mwalimu, mimi hukuniambia." Wote walikuwa sahihi. Mkosaji alikuwa ameshika filimbi.

Nilipowakutanisha, kila mmoja alirudia maneno ya mwenzake mpaka mwenzake aseme "ndivyo." Jaribio la kwanza hufeli karibu kila mara, maana mtu hurudia anachotaka kujibu.

Ndipo zikaja sheria. Fikiria watoto wawili na kipande kimoja cha keki: mmoja anakata, mwingine anachagua kwanza. Anayekata hupima kwa macho yote mawili, kwa kuwa hajui kipi kitabaki chake. Sheria ya timu nayo itungwe wakati hakuna anayejua itamwangukia nani, yaani si Ijumaa ya kuamkia mechi wakati mchelewaji keshajulikana. Timu nzima ilikubaliana mbili tu: mpiga penalti wa kwanza na wa pili wanaandikwa kwenye karatasi ya kikosi kabla ya mechi, na anayechelewa mazoezi bila taarifa anaanzia benchi, hata akiwa nahodha.

Sikupima amani kwa tabasamu tena. Nilihesabu pasi kati ya wawili hao mazoezini.

Wiki ya tatu mshambuliaji alichelewa, akaanzia benchi, akaingia kipindi cha pili. Tukapata penalti. Karatasi ilisema winga. Akapaisha. Mshambuliaji alikuwa ameshakimbilia kwenye eneo la hatari kusubiri mpira utakaorudi.