Kubadilisha msimbo wa QR kwenye kipeperushi: watu wanavyodhani na mambo yalivyo

Kipeperushi chetu cha mafunzo kilikuwa kimeshakamilika, watu kadhaa wamekipitia, ndipo fomu ya kujiandikisha ikahamia kwenye linki nyingine. Nikajiambia hiyo ni kazi ya dakika tano: natoa msimbo wa zamani, nabandika mpya, natuma. Niliskani kwa simu yangu kutoka kwenye skrini ya kompyuta, fomu ikafunguka, nikakituma kwenye kundi. Jioni meseji zikaanza kuingia: "Mbona QR haisomi?" Kwangu ilikuwa inasoma vizuri tu.

Nilipokaa kuchunguza nikagundua kwamba nilikuwa nimeamini karibu kila kitu nitakachokitaja hapa chini.

Dhana: linki ikibadilika, lazima picha ibadilike

Si kila mara. Skani kwanza msimbo wa zamani na usome anwani yenyewe kabla hujaifungua. Ikiwa ni anwani fupi unayoimiliki, ambayo kazi yake ni kumpeleka mtu kwingine, badilisha tu kule inakoelekeza na kipeperushi ukiache kama kilivyo. Ikiwa anwani ya fomu yenyewe ndiyo iliyoandikwa ndani ya viboksi, hapo hakuna njia ya mkato. Msimbo wa namna hiyo hauna tarehe ya kuisha, na wala hauwezi kuhaririwa. Unachorwa upya.

Wetu ulikuwa wa aina hii ya pili.

Dhana: msimbo mpya ukienea kwenye nafasi ile ile, hakuna kilichobadilika

Hapa ndipo nilipoangukia. Msimbo wa QR hauna idadi moja ya viboksi. Toleo la kwanza lina viboksi 21 kwa 21, kila toleo linalofuata huongeza vinne kwa urefu na vinne kwa upana, hadi toleo la 40 lenye 177 kwa 177. Linki ikirefuka, programu inayotengeneza msimbo hupanda toleo bila kukuuliza.

Linki yetu ya zamani ilikuwa na herufi na alama 23. Kwa kiwango cha kati cha kusahihisha makosa, kile kinachoandikwa M, hizo zinaenea kwenye toleo la 2, yaani viboksi 25 kwa 25. Linki mpya ya fomu ilikuwa na herufi 96, na kwa kiwango hicho hicho ikadai toleo la 6, viboksi 41 kwa 41. Juu ya hapo kuna ukingo mweupe wa viboksi vinne kila upande, kwa hiyo ongeza nane: 33 kwa wa zamani, 49 kwa mpya.

Sasa nafasi. Kipeperushi ni A5 ya pikseli 1748 kwa 2480, na kona ya QR ilikuwa na pikseli 297. Ukigawa kwa 33, kila kiboksi kinapata pikseli 9 kamili. Ukigawa kwa 49 unapata 6 na kidogo. Kwa macho misimbo yote miwili inaonekana mizuri, huo mpya umesongamana zaidi tu. Lakini picha ilipopita kwenye kundi ilipunguzwa hadi upana wa pikseli 720. Kiboksi cha pikseli 9 kikawa karibu 3.7, ambacho simu nyingi bado zinakimudu. Kile cha 6 kikabaki na 2.5, tena kikiwa kimekorogwa na mgandamizo wa JPEG. Hicho ndicho walichokuwa wanajaribu kukiskani wenzangu.

Dawa haikuwa kuukuza msimbo, maana nafasi haikuwepo. Ilikuwa kufupisha linki. Tulitengeneza anwani fupi ya kwetu inayoelekeza kwenye fomu, ikarudi kwenye herufi 23 na viboksi 25 vile vile. Faida nyingine ni kwamba fomu ikihama tena, hatutagusa picha.

Dhana: kiwango cha juu cha kusahihisha makosa ndiyo kinga

Viwango ni vinne: L, M, Q na H, vinavyoweza kufidia takriban asilimia 7, 15, 25 na 30 ya data iliyoharibika. Mtu akisoma hivyo anakimbilia H. Tatizo ni kwamba kinga hiyo inalipiwa kwa viboksi. Ile linki ya herufi 96 kwa kiwango cha H inapanda hadi toleo la 9, viboksi 53 kwa 53. Ukiongeza ukingo ni 61, na kwenye pikseli 297 kila kiboksi hakifiki hata pikseli 5. Umekinga dhidi ya mkwaruzo, ukafungua mlango kwa ukungu. Kwenye kipeperushi kinachosambazwa kwa simu, ukungu ndio adui wa kila siku.

Halafu asilimia hizo ni za data. Miraba mitatu mikubwa ya kwenye kona haimo kwenye hesabu hiyo. Kazi yake ni kuiambia kamera msimbo uko wapi na umelala upande gani, na mmoja ukizibwa na nembo au pambo, mara nyingi simu haitautambua kabisa.

Dhana: ukingo mweupe ni nafasi inayopotea bure

Wabunifu hupenda kuukata ili msimbo uonekane mkubwa. Ule ukingo wa viboksi vinne ni sehemu ya msimbo wenyewe: ndio unaomwonyesha msomaji mahali msimbo unapoishia na maandishi au picha vinapoanzia. Wakati wa kubadilisha, unavunjika kwa njia mbili ambazo watu hawazitegemei. Ya kwanza, msimbo mpya ni mdogo kuliko wa zamani, na kipande cheusi cha wa zamani kinachungulia pembeni. Kwa hiyo paka kwanza mraba mweupe juu ya eneo lote, ndipo ubandike. Ya pili, umepakua PNG isiyo na mandharinyuma. Kwenye ukurasa mweupe wa programu inaonekana sawa, ukiiweka juu ya bluu nzito viboksi vyeupe vinageuka bluu, na ukingo unapotea pamoja navyo.

Dhana: unaweza kuuvuta msimbo kwa kipanya kama picha nyingine

Picha ya mtu ukiivuta, programu hulainisha kingo ili ipendeze. Kwa msimbo, ulainishaji huo huzaa pikseli za kijivu kati ya nyeusi na nyeupe, na viboksi vingine vinatoka vinene kuliko jirani zao. Mimi nilikuwa nimepakua msimbo wa pikseli 500 nikaubana uingie kwenye 297. Afadhali uuzalishe tangu mwanzo kwa kipimo kamili unachokihitaji, au uuchukue kama SVG kama programu yako ya usanifu inaikubali. Ukitumia `qrencode`, inayotengeneza msimbo, na ImageMagick, inayoubandika kwenye picha, kazi nzima ni mistari miwili ya amri:

```
qrencode -l M -s 9 -m 4 -o mpya.png "https://example.org/j26"
magick kipeperushi.png mpya.png -geometry +1371+2103 -composite kipeperushi-2.png
```

Hiyo `-s 9` ni pikseli 9 kwa kila kiboksi, na `-m 4` ni ukingo. Viboksi 33 mara 9 ni 297, hivyo hakuna kinachovutwa wala kubanwa. Namba za `-geometry` ni mahali kona ya juu kushoto ya msimbo inapokaa, na hapa zinaacha pikseli 80 kutoka ukingo wa kulia na wa chini wa kipeperushi.

Dhana: nimeskani, imefunguka, basi

Nilichokijaribu mimi ni faili halisi, kwenye skrini angavu, kwa simu nzuri, nikiwa nimeingia kwenye akaunti iliyotengeneza fomu. Hakuna hata mmoja kwenye kundi aliyekuwa na hali hiyo.

Kwanza hakikisha kilichoandikwa ndani, bila kamera, kwa `zbarimg`, programu inayosoma misimbo moja kwa moja kwenye faili la picha:

```
zbarimg kipeperushi-2.png
```

Jibu linalotakiwa ni mstari mmoja wenye `QR-Code:` na linki yako baada yake. Isome herufi kwa herufi. Ukipata mistari miwili yenye `QR-Code:`, ujue kuna msimbo mwingine umebaki mahali, pengine ule wa zamani kwenye upande mwingine wa muundo, na watu wataskani wowote ule. Kisha ichakaze picha kwa makusudi, ujaribu tena:

```
magick kipeperushi-2.png -resize 720x -quality 60 jaribio.jpg
zbarimg jaribio.jpg
```

Msimbo wangu wa kwanza ulikwama hapa, wa herufi 23 ukapita. Lakini `zbarimg` si simu, na matokeo yao yanaweza kutofautiana, kwa hiyo jaribio hili halichukui nafasi ya lile la kweli: jitumie picha kupitia programu ile ile watakayoipokelea watu, ipakue kwenye simu nyingine, uiskani kutoka hapo kwa simu mbili tofauti, moja ikiwa ya zamani. Kumbuka pia kwamba wengi watakipokea kipeperushi kwenye simu ile ile wanayoskania, na kamera haiwezi kujitazama. Kwa hao andika linki fupi chini ya msimbo, isomeke.

Kufunguka nako kuna hila yake. Fomu iliyofungwa kwa wageni itakufungukia wewe mwenyewe bila shida, kwa sababu kivinjari chako kinakujua. Fungua linki kwenye dirisha la faragha, au kwenye simu ya mtu asiyehusika kabisa, na ujaze hadi mwisho, usiishie kuona kichwa cha fomu.

Kama kitachapishwa, chapa nakala moja kwa ukubwa wake halisi. Kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli 297 ni milimita 25 hivi, ukingo ukiwemo. Mafundi wengi hukadiria kwamba msimbo husomeka kwa umbali wa mara kumi ya upana wake, yaani hapa kama sentimita 25. Kwa karatasi ya kushikwa mkononi inatosha. Mwenzetu mmoja alitaka kuikuza A5 hiyo hiyo iwe bango la ukutani, na hapo ukungu hauna njia ya kuingia mradi msimbo uzalishwe upya kwa kipimo cha bango, lakini pima kwanza watu watasimama wapi. Wakiwa mita tatu, msimbo wenyewe unataka upana wa kama sentimita 30.

Faili la zamani nililifuta kwenye kundi, na hilo jipya nikalipa jina lenye tarehe. Siku mbili baadaye kuna aliyelirusha tena lile la kwanza kutoka kwenye simu yake.