Kwa nini antena hufika palepale ikiamriwa kugeuka, lakini hubaki nyuma ikifuata kitu?

"Antena yangu inazungushwa na mota yenye mrejesho. Nikiiamuru igeuke digrii 30, inafika 30 kamili. Nikiiamuru ifuate setilaiti inayotembea angani, inabaki nyuma digrii mbili, haikaribii wala haizidi. Mota ni ileile, sasa tatizo nini?"

Mota haina tatizo. Wengi wakiona digrii hizo mbili hudhani mota ni dhaifu au haijapewa muda wa kutosha, wakaongeza nguvu au wakangoja. Kungoja hakusaidii, kwa sababu kosa hilo ndilo linaloiendesha mota. Likiisha, antena inasimama.

Mrejesho wa aina hii hupima pembe halisi, huitoa kwenye pembe iliyoamriwa, kisha tofauti hiyo, yaani kosa, hukuzwa na kuwa volti za mota. Volti kidogo huzungusha mota polepole, volti nyingi huizungusha haraka, na volti sifuri huisimamisha. Kusimama hakufuti pembe: antena inabaki pale ilipofika. Ni kama pipa chini ya bomba. Ukifunga bomba, maji yaliyokwisha kuingia yanabaki. Ukitaka kina kiendelee kupanda, sharti bomba libaki wazi kidogo. Pembe ni kina cha maji, kosa ni uwazi wa bomba.

Tuchukue mfumo ambao njia yake kutoka kosa hadi pembe ni G(s) = 20/(s(s+4)), ambamo s ni alama ya Laplace inayowakilisha mabadiliko kwa muda. Ile s moja inayosimama peke yake chini ndiyo pipa: inalimbikiza mwendo kuwa pembe. Ukiiondoa na kuweka s = 0 katika kilichobaki, unapata 20/4 = 5. Maana yake, mwendo ukishatulia, kila digrii moja ya kosa huzaa mwendo wa digrii 5 kwa sekunde. Setilaiti ikihitaji digrii 10 kwa sekunde, lazima kosa liwe digrii 2, kwa kuwa hakuna kwingine pa kupatia mwendo huo. Kwa amri ya digrii 30 mwendo wa mwisho unaohitajika ni sifuri, basi kosa sifuri linatosha.

Idadi ya s hizo zinazosimama peke yake ndiyo huitwa aina ya mfumo. Huu una moja, kwa hiyo ni aina ya 1. Usichanganye na idadi ya vipande vyote vinavyozidishana chini: s+4 haihesabiwi, kwa sababu hailimbikizi kitu, huchelewesha tu.

Sasa pima kasi ya mota hiyohiyo badala ya pembe. Kasi haibaki volti zikiisha, kwa hiyo pipa limetoweka na mfumo ni wa aina ya 0. Tuseme ukuzaji wa njia nzima ni 9, nawe unaamuru mizunguko 1000 kwa dakika. Mota itatulia kwenye 900: kosa la 100 likizidishwa kwa 9 linatoa 900 hasa. Hapa hata amri isiyobadilika inaacha kosa. Na ukiirudia antena ya aina ya 1, ukaiamuru iongeze kasi digrii 1 kwa sekunde kila sekunde, kosa halitulii kabisa. Linakua digrii 0.2 kila sekunde.

Ukuzaji, yaani ile 20 ya juu katika G(s), ukipanda hadi 40, zile digrii 2 huwa 1, haziishi. Na gharama ipo: kwa amri ya ghafla, antena iliyokuwa ikipita shabaha kwa takriban asilimia 21 sasa hupita kwa asilimia 35. Kinachofuta kosa la kufuata ni kuongeza kilimbikizi kingine, yaani pipa la pili, ndani ya kidhibiti kinachogeuza kosa kuwa volti, ili volti ziendelee kutoka hata kosa likiwa sifuri. Ukiongeza 1/s tupu kwenye mfumo huu, unayumba bila kutulia, na hesabu zote za kosa la mwisho hazina maana tena. Ukiongeza (s+1)/s, unatulia na kosa la kufuata linaisha.

Hesabu hizi hazijaingiza msuguano. Mota halisi haijongei mpaka volti zipite kiwango fulani, kwa hiyo antena ya aina ya 1 inaweza kusimama kabla ya kufika 30. Kilimbikizi cha mota hakisaidii hapo, kwa kuwa kipo baada ya mahali msuguano unapoingia. Kile cha kidhibiti kipo kabla. Ili kujua kama ni msuguano au kipimo cha pembe kimesogea, amuru 30 ukitokea 20, kisha ukitokea 40, na upime pembe kwa kifaa kingine. Msuguano utaisimamisha upande mmoja wa 30 mara ya kwanza na upande wa pili mara ya pili. Kipimo kilichosogea kitakosea upande uleule mara zote mbili.